Kitambulisho kimoja, vikomo vitatu: nini hasa kinapandisha kiwango cha siku kwenye pesa za simu

"Laini imesajiliwa kwa jina langu, kitambulisho ni halali, pesa ni zangu. Mbona huduma kwa wateja wanasema hawawezi kuniongezea kiwango cha siku? Ni kitu gani hasa kinachokiongeza?"

Wanasema kweli: hawawezi. Mtu anayepokea simu hana kitufe cha kupandisha kikomo cha mteja mmoja. Kikomo kimefungwa kwenye aina ya akaunti, na aina ya akaunti imefungwa kwenye kile ambacho kampuni inakijua kukuhusu na kile ambacho benki kuu imeruhusu. Kupiga simu, kuwa mteja wa miaka mingi au kutumia pesa nyingi kila mwezi hakubadilishi lolote katika hayo mawili.

Hapa Wakenya wengi huchanganya mambo, na kuna sababu. Kikomo cha Fuliza hupanda na kushuka kulingana na unavyotumia laini na unavyolipa, kwa hiyo mtu huzoea kuamini kwamba kila kikomo kwenye simu kinaweza kulimwa kikakua. Fuliza ni mkopo. Kikomo chake ni makisio ya mkopeshaji kuhusu wewe. Kikomo cha akaunti ni sheria inayowahusu wote walio kwenye ngazi yako. Anayejitangaza mtandaoni kwamba "anaboost limit" kwa ada ndogo na namba yako ya siri hana mlango wa kuingilia kwenye lolote kati ya hayo mawili. Mlango anaoutaka ni wa akaunti yako.

Kabla ya kuhukumu kama mfumo huu ni wa haki, tuangalie unavyofanya kazi, kwa sababu malalamiko mengi huzaliwa na kudhani kwamba kikomo ni kimoja. Kwenye M-Pesa ya Kenya viko vitatu. Cha kwanza ni salio: akaunti haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000. Cha pili ni siku: huwezi kufanya miamala inayozidi shilingi 500,000 kwa siku. Cha tatu ni muamala mmoja: hauwezi kuvuka shilingi 250,000. Vyote vinakaguliwa kwa wakati mmoja, na kile cha salio hukaguliwa upande wa anayepokea pia. Ukikwama kwenye kimojawapo, muamala mzima unarudi.

Tuchukue mfano wenye hesabu. Mtu wa Nakuru ananunua gari kuukuu kwa shilingi 620,000. Kwenye simu ana 480,000, na anayeuza ana 90,000 kwenye yake. Mnunuzi anatuma 250,000 kwanza, inapita, na ada ni shilingi 108. Sasa amebaki na 229,892, na muuzaji amefika 340,000. Mnunuzi anajaribu kutuma 200,000 nyingine. Pesa anazo, na siku yake bado ina nafasi ya 250,000. Muamala unakataa. Anadhani mtandao una shida, anajaribu tena, unakataa tena.

Mtandao hauna shida. Muuzaji amebakiza nafasi ya 160,000 tu kabla ya salio lake kugonga 500,000. Mnunuzi akituma 160,000 inapita, akaunti ya muuzaji imejaa pomoni, na jumla iliyolipwa ni 410,000. Zimebaki 210,000. Muuzaji akihamisha sehemu ya pesa zake kwenda benki, nafasi inafunguka, lakini sasa ni mnunuzi aliyebanwa: siku yake imetumia 410,000, imebaki 90,000. Hata akiongeza pesa kutoka benki hadi salio litoshe, 120,000 za mwisho zitangoja kesho.

Hivyo gari limelipiwa kwa miamala minne katika siku mbili, na wawili hao wamegonga vikomo viwili tofauti bila kujua kipi ni kipi. Ada zenyewe si kitu, 108 mara nne haifiki hata 500. Hasara iko kwingine. Ushahidi wa malipo umekatika vipande vinne, na ikiwa muuzaji atageuka usiku wa siku ya kwanza, mnunuzi ana risiti za 500,000 na hana gari. Na kwa mfumo unaotafuta pesa chafu, mtu anayerusha kiasi kikubwa kwa vipande vinavyogusa kikomo anafanana sana na mtu anayekwepa kikomo.

Njia sahihi ya malipo hayo ilikuwepo tangu mwanzo. Kutoka benki hadi benki kwa PesaLink, muamala mmoja hubeba hadi shilingi 999,999, kwa hiyo 620,000 ingepita kwa mkupuo. Zaidi ya hapo, kuanzia milioni moja, ni RTGS, mfumo wa benki wa kuhamisha kiasi kikubwa, kwa sababu Kenya ilizuia hundi na uhamisho wa kawaida wa kiasi hicho tangu Oktoba 2009. Ngazi ya juu ya pesa za simu, kwa mtu binafsi, ni benki.

Sasa tuje kwenye kitambulisho chenyewe.

Kenya na Tanzania zimeshika njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya mjadala uwe na maana. Kenya, kwa vitendo, ina dari moja kwa mtu mzima. Ukisajiliwa kwa kitambulisho, taarifa zako zikakubaliana na kumbukumbu za serikali, unapata vile vikomo vitatu vyote kwa ukamilifu, uwe kijana uliyepata kitambulisho wiki iliyopita au mfanyabiashara wa miaka ishirini. Tanzania, kwa upande wake, iliandika ngazi kwenye kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka 2015: kiwango cha mtu kilitegemea alivyosajiliwa, aliyesajiliwa kwa njia ya simu tu akawa chini, aliyekaguliwa na nyaraka ana kwa ana akawa juu yake, na biashara ndogo zikawa na ngazi yao yenye nafasi kubwa zaidi.

Hoja ya ngazi ni rahisi kuielewa. Jinsi unavyojulikana kidogo, ndivyo unavyoruhusiwa kidogo. Mtu asiye na karatasi zote hafukuziwi nje ya mfumo. Anaingia na kiasi kidogo ambacho hata kikitumika vibaya hakileti madhara makubwa, kisha anapanda kadiri anavyoleta uthibitisho. Mtazamo huo wa kupima hatari kabla ya kupima karatasi ndio unaohimizwa pia na FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, ambacho mwaka 2013 kilitoa mwongozo mahsusi kuhusu kuwahudumia watu wasio na nyaraka kamili. Na si chombo cha kupuuzwa: Tanzania iliwekwa kwenye orodha yake ya nchi zinazofuatiliwa Oktoba 2022 na kuondolewa Juni 2025, na Kenya iliingizwa Februari 2024.

Lakini ngazi ina maana tu kama ngazi ya chini ina watu. Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini upya kwa alama za vidole zikilinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na baada ya muda kuongezwa, laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Tangu hapo, ili uwe na laini tu, achilia mbali akaunti ya pesa, unahitaji ile namba ya NIDA yenye tarakimu 20 na kidole kinachosomeka. Asiyekuwa nayo hakuteremshwa ngazi ya chini. Alikatwa laini. Kwa maneno mengine, ukaguzi uliokuwa umepangwa kuwa hatua ya pili ukawa sharti la kugusa hatua ya kwanza, na ile ngazi ya watu wasiojulikana sana ikabaki kuwa kitu cha kwenye karatasi zaidi kuliko cha kwenye maisha.

Unaweza kuliangalia hilo kwa njia mbili. Anayetetea atasema: sasa kila laini ina mwenyewe, tapeli anaweza kufuatiliwa, na ndiyo maana benki kuu iliweza kupandisha viwango miezi michache baadaye. Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania iliongeza kikomo cha miamala ya siku kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, na salio la siku kutoka milioni 5 hadi milioni 10. Anayepinga atajibu kwamba Kenya ilifanya jambo lilelile miezi miwili kabla bila kuchukua kidole cha mtu yeyote. Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha muamala mmoja kutoka 70,000 hadi 150,000, salio na kikomo cha siku vikafika 300,000, na ule ukomo wa jumla ya mwezi ukafutwa kabisa. Sababu iliyotolewa ilikuwa korona: noti zilionekana kuwa njia ya maambukizi, watu wakahimizwa kutumia simu. Hatua hiyo ilitangazwa kama ya muda, lakini viwango havikurudi vilipokuwa. Agosti 2023 salio na siku vikapanda tena hadi 500,000, na baadaye muamala mmoja ukafika 250,000.

Kwa maoni yetu anayepinga ana hoja yenye nguvu zaidi hapa, angalau kwa jibu la swali la mwanzo. Kati ya mwaka 2020 na sasa, Mkenya wa kawaida amepandishiwa muamala mmoja kutoka 70,000 hadi 250,000, zaidi ya mara tatu na nusu, akiwa na kitambulisho kilekile, na bila kutakiwa kuleta karatasi mpya ili apandishwe. Kilichobadilika ni uamuzi wa mdhibiti. Kitambulisho hukufungulia mlango wa kuingia. Urefu wa dari umewekwa na mtu mwingine, kwa sababu nyingine, na husogezwi karibu nayo kwa kupeleka nakala ya pili ya kitambulisho.

Upande wa pili, hata hivyo, hausemi upuuzi. Dari ya chini ina mtetezi ambaye hasikiki sana: yule aliyeibiwa. Mwizi akifanikiwa kuhamisha laini yako kwenye kadi yake na kupata namba ya siri, kikomo cha siku ndicho kinachoamua umepoteza kiasi gani kabla hujagundua. Zamani angetoka na 140,000 kwa siku, sasa anaweza kutoka na 500,000. Kwa mfanyabiashara wa nafaka anayelipa wakulima kila asubuhi, hiyo 500,000 ni kidogo. Kwa mzee anayepokea 3,000 kwa wiki kutoka kwa mwanawe na aliyewekewa pesa za kuuza kipande cha shamba, ni kila kitu alicho nacho. Dari moja kwa wote inamwacha wa kwanza akilalamika na wa pili akiwa wazi. (Aliye Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isiweze kubadilishwa kwa wakala wa mtaani, ila kwenye duka la kampuni. Dakika moja, na inasaidia kuliko mabishano yote kuhusu vikomo.)

Ndiyo maana tunadhani kosa la dari moja liko kwenye kuwa moja, wala si kwenye kuwa juu sana au chini sana. Kampuni inajua mengi kuliko inavyoyatumia. Inajua laini imebadilishwa kadi jana au miaka mitano iliyopita. Inajua pesa huingia kutoka kwa mwajiri yuleyule kila tarehe 28. Mteja akileta namba ya mlipa kodi na taarifa ya benki, itajua hata chanzo cha pesa. Ngazi iliyojengwa juu ya maarifa hayo ingemshusha kwa siku chache aliyebadilishiwa kadi jana na kumpandisha mwenye mapato yanayoeleweka. Ngazi iliyojengwa juu ya kitambulisho pekee haiwezi, kwa kuwa kitambulisho kinasema wewe ni nani, na swali gumu la pesa kubwa huwa ni pesa imetoka wapi na inakwenda kufanya nini.

Kuna pingamizi la haki dhidi ya hilo. Ngazi nyingi zinahitaji mtu wa kuamua nani apande, na anayeamua anaweza kupendelea, kuchelewesha au kudai chochote. Dari moja haina hongo: mashine inakagua namba tatu, basi. Wakala wa kibandani Kwale au Kigoma hana ujuzi wa kupima chanzo cha mapato, na asipewe kazi hiyo. Na kila karatasi inayoongezwa huacha watu nyuma, wengi wao wakiwa wale ambao hata ile ya kwanza waliipata kwa taabu.

Pwani ya Kenya inalijua hilo vizuri. Wamakonde wa Kwale waliishi vizazi bila kutambuliwa kuwa raia, mpaka walipotembea kwenda Nairobi Oktoba 2016 na serikali ikaamuru wapewe vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri hadi 2023. Katika kaunti za mipakani vijana walipitishwa kwenye kamati za uhakiki ambazo wenzao wa Nyeri au Kisii hawakuzijua, utaratibu ambao Rais Ruto alitangaza kuuondoa Februari 2025. Kwa mtu aliye kwenye foleni ya namna hiyo, kikomo cha siku si 500,000. Ni sifuri. Na anachofanya binadamu mwenye kikomo cha sifuri kinajulikana: anamwomba rafiki au shemeji amsajilie laini.

Laini ya jina la mwingine ndiyo chanzo cha matatizo mengi kuliko yote tuliyoyataja, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Siku za kawaida haina dosari. Unatuma, unapokea, jina linalojitokeza ni la shemeji na watu wako wamezoea. Inaanza kuuma siku unapotaka kupanda. Ukitaka kuunganisha na benki, jina la akaunti ya benki na jina la laini havilingani. Ukitaka namba ya biashara, jina kwenye maombi halilingani. Kadi ikipotea, anayeweza kuirudisha ni shemeji, na kidole au kitambulisho kinachotakiwa ni chake. Akiwa Dubai au amefariki, salio linaingia kwenye shauri la mirathi yake. Na ikiwa mfumo unahesabu kwa mtu wala si kwa laini, mtu huyo na wewe mnashiriki sifa moja: akifungiwa, unafungiwa.

Kujua hali yako ni rahisi. Piga *106#, Tanzania kwa mitandao yote na Kenya kwa Safaricom, uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Orodha hiyo hukagua pande mbili. Laini unayoitumia isipokuwemo, haiko kwa jina lako hata kama umeishika miaka kumi. Na laini usiyoijua ikiwemo, mtu amesajili kwa kitambulisho chako, na miamala yake inaandikwa kwako. Ya kwanza inatibiwa kwa kubadilisha umiliki: wewe na mwenye jina mnakwenda pamoja dukani na vitambulisho halisi, na ni busara kuondoa salio kabla ya kwenda. Ya pili unairipoti na kuomba ifutwe, bila kungoja uone kama ina madhara.

Kuna pia makosa madogo ya usajili ambayo hayamzuii mtu kutuma pesa lakini humzuia kupanda ngazi. Jina limeandikwa kwa mpangilio tofauti na wa kitambulisho. Tarehe ya kuzaliwa imekosewa tarakimu. Kwa Tanzania hilo la tarehe linaonekana haraka, kwa sababu namba ya NIDA huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na tarakimu zake nane za kwanza zisipokubaliana na fomu, muombaji anarudishwa. Vidole navyo vina kisa chake: fundi ujenzi, mkulima wa mkonge, mama anayeosha vyombo kwa sabuni kali, hao vidole vyao hulika na mashine ikakataa. Suluhisho la papo kwa papo ni kujaribu kidole kingine, kwa kuwa NIDA ilichukua vidole vyote; dole gumba ndicho watu hung'ang'ania.

Basi kama ndivyo, ni nini kinachoweza kupandishwa na mtu mwenyewe, leo, bila kusubiri benki kuu?

Mtu ambaye taarifa zake hazijakamilika hupanda kwa kuzikamilisha: kitambulisho halisi, jina lililo sawa, ukaguzi dhidi ya kumbukumbu za serikali. Hapo anafika dari ya mtu binafsi na hawezi kwenda juu zaidi kwa karatasi za aina hiyo. Hatua inayofuata ni kubadilisha aina ya akaunti. Kwa Kenya ni namba ya biashara ya Lipa na M-Pesa au Paybill, inayoombwa kwa kitambulisho, namba ya mlipa kodi ya KRA, cheti cha usajili wa biashara na akaunti ya benki ya kupokelea. Kwa Tanzania karatasi zinazolingana na hizo ni TIN na leseni ya biashara.

Watu husita hapo, na kusita kwao kuna mantiki. Namba ya mlipa kodi ikishawekwa, mauzo yana kumbukumbu ambayo mamlaka ya mapato inaweza kuiomba. Muuza mitumba mwenye faida nyembamba anaona afadhali kugonga kikomo mara mbili kwa wiki kuliko kuandikwa. Hatuoni kwamba ni ujinga, ila hesabu yake ifanywe yote. Anayepokea mauzo kwenye laini yake binafsi anajaza salio lake mwenyewe. Ikifika saa nane mchana limegonga 500,000, mteja wa saa nane na nusu anarudishiwa muamala wake na anaondoka. Na mauzo yaliyochanganyika na ada za shule na michango ya harusi hayamsaidii siku anapoomba mkopo, maana benki haiwezi kutenganisha kipi ni biashara.

Ikumbukwe pia kwamba namba ya biashara inapandisha upande wa kupokea tu. Mteja anayelipa bado ana vikomo vyake. Duka la vifaa vya ujenzi lenye Paybill haliwezi kupokea 400,000 kwa muamala mmoja kutoka kwenye simu ya mtu. Atalipa 250,000 na kisha 150,000, au alipe kutoka benki. Wauzaji wengi hugundua hilo mteja akiwa amesimama kwenye kaunta, wakamlaumu.

Kwa mtu binafsi asiye na biashara, kuunganisha akaunti ya benki na simu hakupandishi kikomo cha simu, jambo ambalo matangazo ya benki huliacha liwe na utata. Kinachofanyika ni kwamba pesa inabaki benki na kutoka benki, na simu inabaki kuwa rimoti. Muamala wa benki kwenda benki unafuata kikomo cha benki, ambacho mteja anaweza kuomba kibadilishwe tawini, kwa kujaza fomu na kueleza chanzo cha pesa. Hapo ndipo lile swali la "pesa imetoka wapi" linapoulizwa na jibu lake linapokuwa na thamani. Muamala ukipitia tu kwenye akaunti ya simu, hata kwa sekunde moja, vile vikomo vitatu vinarudi.

Inabaki ile njia ambayo kila mtu anaijua: kugawa kiasi kwa laini ya mke, ya kaka na ya mwenye duka. Inafanya kazi, na mara nyingi nia ni safi. Lakini tazama inavyoonekana kutoka upande wa pili wa skrini: pesa za chanzo kimoja zinaingia kwenye akaunti tatu siku moja, zote chini kidogo ya kikomo, kisha zinakutana tena kwa mtu mmoja. Akaunti ya kwanza kusimamishwa ili ihojiwe mara nyingi itakuwa ya kaka, ambaye hana maelezo ya kutoa. Kama hakuna budi kulipa kwa vipande, vipande hivyo vitoke laini moja kwenda laini moja, hata kama itachukua siku mbili, na mkataba uandikwe kabla ya kipande cha kwanza: jumla ya bei, idadi ya malipo, namba za simu zote mbili. Kila malipo yakipita, msimbo wa muamala uandikwe pembeni na muuzaji atie sahihi, na kabla ya kutuma kipande kikubwa muuzaji aulizwe ana salio kiasi gani. Hatapenda kuulizwa. Amwambie basi tu kama ana nafasi ya 250,000 au hana.